Bibo Linalika, Kinachounguza ni Ganda la Korosho

Novemba iliyopita mtoto wa jirani yangu hapa Nyegezi alirudi kutoka uani kwa Mwalimu akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Ana miaka saba. Chini ya mti alikuwa ameokota kitu chenye umbo la figo ya mbuzi, kigumu, rangi ya kijivu iliyochanganyika na kijani, akakitia kwenye magego na kukiuma kwa nguvu zake zote. Alijua ndani kuna korosho, kwa sababu kaka yake alimwambia. Jioni midomo ilikuwa inamuwaka. Kesho yake asubuhi ilikuwa imevimba, na pembeni mwa mdomo ngozi ilikuwa imeota malengelenge kama ya mtu aliyemwagikiwa chai ya moto.

Kufika saa sita mchana mtaa ulikuwa umeshatoa hukumu: matunda ya mti ule ni sumu, ukatwe. Mwalimu, mzee mstaafu mwenye asili ya Newala, aliyeupanda mwenyewe miaka mingi iliyopita, alisikiliza malalamiko yote akiwa amekaa kwenye kigoda. Kisha akauliza swali moja.

"Kwani mtoto alikula bibo?"

Hakuna aliyejua. Tulipokwenda kuangalia, bibo lilikuwa bado liko pale chini, jekundu, halijaguswa hata kwa jino. Kilichoumwa ni korosho iliyokuwa imening'inia kwenye ncha yake.

Simlaumu mtu. Mwanza korosho tunaijua ikiwa nyeupe, imekaangwa, imefungwa kwenye kipakiti cha nailoni, inauzwa stendi dirishani mwa basi. Ganda lake wengi wetu hatujawahi kuliona, na bibo ndiyo kabisa. Mkorosho ni mti wa Mtwara, Lindi, Ruvuma, Pwani na Tanga, unaopenda nchi za chini zenye joto na mchanga. Huku ziwani tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mti wa Mwalimu huzaa kwa kusuasua. Mwaka ambao mvua inaanza mapema, maua mengi hunyauka kabla hayajashika. Kwa hiyo mtu akiona tunda jekundu linalong'aa, lenye harufu kali, likiwa na kitu kama kucha kubwa chini yake, ana haki ya kuuliza: hivi hili linaliwa?

Linaliwa. Lakini ili jibu hilo likusaidie, inabidi kwanza utenganishe vitu viwili vilivyogandana kwenye kikonyo kimoja.

Ua la mkorosho likishika, kinachoanza kukua ni korosho, siyo bibo. Kwa wiki kadhaa utaiona ikining'inia peke yake, ya kijani, imejikunja, na nyuma yake kuna kikonyo chembamba kama cha embe. Korosho inafikia ukubwa wake kamili, ganda linaanza kukomaa, na hapo ndipo kikonyo kinapoanza kunenepa. Kinavimba haraka, kinajaa maji na sukari, kinageuka chekundu au cha njano, na ndani ya muda mfupi kinakuwa kikubwa kuliko korosho yenyewe mara nyingi. Kikonyo hicho kilichonenepa ndicho bibo. Wataalamu wa mimea huliita tunda la uongo, kwa sababu tunda halisi, lenye mbegu ndani, ni lile figo la kijivu linaloning'inia chini. Ndiyo maana mbegu iko nje. Haikutoka ndani ya bibo. Bibo ndilo lililovimba nyuma yake.

Ukiutazama mti kwa jicho la mnyama, mpangilio huo una akili. Popo anakuja usiku, ananyakua bibo, anakwenda kulila kwenye mti mwingine, na korosho anaidondosha. Mti unataka bibo liliwe. Korosho unataka iachwe, ipate kuota. Kwa hiyo bibo limetiwa sukari, na korosho imevikwa ganda ambalo mnyama akilitia jino hatarudia.

Ganda hilo lina tabaka mbili ngumu, la nje na la ndani, na katikati yake kuna nyama yenye vishimo kama sega la nyuki. Vishimo hivyo vimejaa mafuta mazito ya rangi ya kahawia, yanayofikia takribani robo ya uzito wa ganda, na pengine zaidi. Ndani yake kuna asidi ya anakadiki na kadoli. Hizo ndizo zilizomchubua mtoto wa jirani. Viwandani mafuta hayo ni mali: yanaingia kwenye rangi, vanishi na bitana za breki za magari. Kwenye ngozi ya mtu ni janga.

Kama unaona jambo hili geni, kumbuka embe. Mkorosho na mwembe ni ndugu wa ukoo mmoja. Kila mtoto wa Mwanza aliyewahi kuchuma embe bichi na kuling'ata upande wa kikonyo anajua ule utomvu unaoruka mdomoni na kuacha vidonda pembeni. Kemikali za utomvu wa embe na za ganda la korosho ni za jamii moja, ila za korosho ni kali zaidi na ziko nyingi zaidi. Wala hatujawahi kusema embe ni sumu. Tunasema, "Futa utomvu kwanza."

Korosho ya stendi haiunguzi kwa sababu imeshabanguliwa. Kubangua ndilo neno la kazi hiyo, na anayeifanya ni mbanguaji. Korosho ghafi, yaani iliyo na ganda lake, hupikwa kwa mvuke au kuchomwa ili ganda liwe rahisi kupasuka, kisha hupasuliwa moja moja, kiini kinatolewa, kinakaushwa kwa joto, halafu ule utando wa kahawia unamenywa. Hata zile zinazoandikwa "mbichi" dukani zimepita kwenye moto kwa namna moja au nyingine. Wanaobangua kwa mkono hupaka mafuta au majivu viganjani, na bado utakuta vidole vyao vimekuwa vyeusi na ngozi inabanduka. Moshi wake nao haufai. Ukitupa korosho ghafi motoni utaona mafuta yanachuruzika, yanawaka kwa ndimi ndefu na moshi mweusi. Moshi huo unachoma macho na koo, kwa hiyo kazi hiyo hufanyika nje, mbali na watu, na mchomaji hukaa upande upepo unakotoka.

Swali linalobaki ndilo lililotupeleka uani kwa Mwalimu mara ya pili, safari hii na kisu na bakuli: je, mafuta hayo yanafika kwenye bibo?

Nyama ya bibo haina yale mafuta mazito. Kwenye ngozi yake kuna chembechembe za asidi ile ile, kidogo sana, na watu wenye ngozi nyepesi kuathirika wanaweza kuhisi midomo inawasha. Balaa kubwa huja kwa njia nyingine, kupitia mkono wa mlaji mwenyewe. Mtu anachukua kisu, anakata pale korosho inaposhikana na bibo, kisu kinagusa ganda, mafuta yanatoka kidogo tu, kisha kisu hicho hicho kinapasua bibo. Au anauma bibo likiwa bado na korosho yake, na jino linateleza.

Mwalimu hatumii kisu hapo. Analishika bibo mkono wa kushoto, korosho anaishika kwa vidole vitatu vya mkono wa kulia, anaizungusha kama anayefungua kizibo cha chupa ya soda. Likiwa limeiva sawasawa korosho inaachia yenyewe bila kupasuka. Ikigoma, ujue bibo halijaiva, liache. Anaziweka korosho kwenye kopo peke yake, ananawa mikono kwa sabuni, anaosha bibo kwa maji, ndipo anapochukua kisu kisafi. Cha kwanza anachokata ni kipande chembamba cha ile ncha iliyokuwa imeshika korosho, na anakitupa. Cha pili ni upande wa juu, uliokuwa umeshika tawi. Kilichobaki ni chakula.

Siku hiyo tulichuma mabibo kumi na mawili, mengi mekundu na machache ya njano. Nasema tulichuma, kwa sababu kuna tofauti. Kusini mkulima husubiri mabibo yaanguke yenyewe, kwani yeye anatafuta korosho, na korosho iliyokomaa ni ile iliyodondoka. Ukitaka kula bibo usisubiri hivyo. Likidondoka limeshapondeka upande mmoja, na ngozi yake ni nyembamba mno. Linalofaa ni lile lililopata rangi yote bila ukijani, linabonyea kidogo, na linatoka kwa kuvutwa taratibu. Usichume bichi ukitegemea liivie ndani kama ndizi au parachichi. Bibo haliivi baada ya kuchumwa. Litalainika, litanyauka, litaoza, lakini sukari haitaongezeka.

Sasa ladha. Kabla ya ulimi kuna pua: harufu ya bibo ni nzito, tamu, inajaza chumba. Mimi ilinikumbusha embe lililoiva kupita kiasi likiwa limewekwa pamoja na pilipili hoho mbichi. Mke wangu alisema ni harufu ya manukato ya mtu aliyepita muda mrefu. Ngozi ni laini kama nta, na jino likiigusa inatoa mlio mdogo. Kisha maji. Hakuna anayekuambia habari ya maji hadi yamekumwagikia kifuani. Sehemu kubwa ya bibo, kiasi cha asilimia 85 hivi, ni maji, nayo hayakai kwenye vifuko kama ya chungwa. Unauma na yanabubujika yote kwa mara moja. Ni matamu, utamu wa wazi, na nyuma yake kuna ugwadu mwepesi. Nyama yenyewe ina nyuzinyuzi na ni ya kutafuna kama sifongo. Watoto wa kusini hufyonza maji na kutema makapi, kama tunavyofanya na muwa, nami naona hiyo ndiyo njia yenye heshima.

Halafu, baada ya kumeza, mdomo unakauka. Ulimi unakuwa kama umepakwa chaki, mashavu yanavutwa kwa ndani, koo linakaba kidogo. Jirani yangu, baba wa yule mtoto, alitema na kusimama.

"Hii si ndiyo ile ile sumu, Mwalimu?"

"Ndugu yangu, umewahi kula zambarau?"

"Nimekula."

"Ikakufanyaje?"

Alikaa tena.

Kinachokausha mdomo kinaitwa ukakasi, na kinatokana na tanini, zile zile zilizomo kwenye zambarau, ndizi mbichi, pera bichi na chai ya rangi iliyochemka mno. Mate yetu yana protini zinazofanya mdomo uteleze. Tanini zikiingia zinazikamata protini hizo na kuzigandisha, utelezi unaondoka, na ulimi unabaki kukwaruzana na kaakaa. Hakuna kilichoungua wala kuchubuka. Mdomo umepoteza grisi yake kwa dakika chache, mate mapya yanakuja, mambo yanarudi kama yalivyokuwa.

Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya, na ningependa msomaji akae nami kidogo. Ukakasi na kuungua ni vitu viwili. Ukakasi unakuja ndani ya sekunde chache, unaenea mdomo mzima kwa usawa, na ukinywa maji au kula kipande cha mkate unapungua na kuisha. Haukufuati hadi kesho. Kuungua kwa mafuta ya ganda mara nyingi hakuna haraka. Mtu anaweza asihisi kitu cha maana mwanzoni, kisha baada ya saa kadhaa, pengine kesho yake au keshokutwa, ngozi inaanza kuwaka pale pale mafuta yalipogusa, siyo kwingine: mdomo, pembe ya jicho alilolifikicha, katikati ya vidole. Inakuwa nyekundu au nyeusi, inavimba, inaota malengelenge. Ukiona hayo, tafuta ganda lilipoingilia, kwa sababu bibo peke yake halifanyi hivyo.

Na ukigusa mafuta hayo, osha mara moja kwa sabuni na maji mengi, na usiguse macho. Mtoto akiwa ameuma ganda, asukutue na kutema, mara nyingi. Uvimbe ukifika kwenye ulimi au koo, au kupumua kukawa kwa shida, hiyo ni safari ya hospitali bila kusubiri asubuhi. Mtu mwenye mzio wa korosho, au anayevimba kila akigusa maganda ya embe, mimi nisingempa bibo hata kama linameremeta vipi.

Mabibo mawili ya kwanza tuliyala hivyo hivyo, na la tatu kwa chumvi. Kata vipande vya mduara, nyunyiza chumvi kidogo, na pilipili ukipenda, acha dakika kumi. Maji yatatoka, ukakasi utapungua, na utamu utajitokeza zaidi. Ni namna ile ile tunavyolifanyia embe bichi, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kufundishwa.

Namna ya pili ni mvuke. Mwalimu aliweka maji kidogo kwenye sufuria, juu yake chujio la bati, akapanga mabibo manne mazima yaliyokwishaondolewa korosho, akafunika kwa dakika kumi. Yalitoka yamelegea, harufu imetulia, na ule mkwaruzo wa koo umepungua sana. Wengine huyachemsha dakika nne au tano kwenye maji ya chumvi, vijiko vitatu vya chai kwa lita, kisha wanayasuuza. Inafanya kazi, lakini maji ya kuchemshia yanaondoka na sehemu ya faida. Bibo bichi lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, mara nne au tano hivi kwa uzito ule ule, na vitamini hiyo haipendi moto wala kuogeshwa.

Namna ya tatu ndiyo iliyonivutia, kwa sababu unaiona tanini kwa macho. Mabibo matano yaliyobaki tuliyakata, tukayakamua kwa kitambaa. Maji yaliyotoka yalikuwa ya njano iliyofifia, machafu kama maji ya mto baada ya mvua, na ukiyaonja mdomo unafunga. Tulichukua jelatini ya unga, ile ya kutengenezea vitamutamu vya watoto, tukaloweka kiasi cha nusu kijiko cha chai kwenye maji vuguvugu hadi ikayeyuka, tukaimimina kwenye jagi la maji ya bibo huku tukikoroga polepole. Haikupita dakika. Mabonge meupe kama ya maziwa yaliyoganda yalianza kujikusanya na kuzama. Tuliacha saa mbili, tukachuja kwa kitambaa kilichokunjwa mara mbili, na kilichoshuka kilikuwa karibu sawa na maji ya kisima, kitamu, na mkwaruzo haupo. Jelatini ni protini. Tanini ilikuwa inatafuta protini za kukamata. Badala ya kungoja mate yako, imepewa nyingine mapema, imezing'ang'ania, imezama nazo chini ya jagi. (Soma pakiti kabla ya kununua, kwa sababu kuna jelatini ya ng'ombe na kuna ya nguruwe. Kama hukuipata ya kukuridhisha, uji mwepesi sana wa wanga wa muhogo uliopoa hufanya kazi hiyo hiyo taratibu zaidi. Uache usiku kucha kwenye friji.)

Mtu wa Mwanza hapo lazima akumbuke mabondo. Yale mabondo ya sangara yanayonunuliwa kwa bei ya kutisha na kusafirishwa Asia ni protini ya jamii hiyo hiyo, na tangu zamani Ulaya mabondo ya samaki yamekuwa yakitumika kusafisha bia na mvinyo, kwa sababu hii hii tuliyoiona kwenye jagi la Mwalimu. Sishauri mtu ajaribu. Kwa bei ya bondo moja unanunua jelatini ya kumaliza mabibo yote ya Newala.

Nchini Brazili, kwenye asili ya mti wenyewe, kinywaji cha namna hii kina jina na heshima yake. Kinaitwa kajuina: maji ya bibo yaliyotolewa tanini, yakachujwa, yakatiwa kwenye chupa, kisha chupa zikachemshwa ndani ya maji hadi sukari ikageuka rangi ya asali. Hakina kilevi hata tone. Wareno ndio waliouvusha mkorosho kutoka huko hadi pwani yetu katika karne ya 16, lakini inaonekana walisahau kuleta maelekezo ya jikoni.

Kitu kingine kinachopewa jina la sumu kwa sababu ya tanini ni bibo na maziwa. Afrika Magharibi, hasa Benini, watu wamekuwa wakiamini kwamba ukila bibo kisha ukanywa maziwa unakufa. Mke wangu alimimina maji ya bibo ambayo hayajasafishwa kwenye glasi ya maziwa, na maziwa yaligawanyika pale pale, mabonge juu, maji chini. Ukiona hivyo unaelewa woga ulikotoka. Lakini kilichotokea kwenye glasi ndicho kilichotokea kwenye jagi: tanini na ugwadu vimezigandisha protini za maziwa, kama ndimu inavyoyagandisha. Haipendezi kutazama, na tumbo bovu linaweza kulalamika. Sumu haipo.

Sasa, kama bibo ni tamu hivi, mbona halifiki soko la Kirumba? Jibu tulilipata bila kulitafuta. Baba wa mtoto alichuma mabibo mengine mawili kumpelekea ndugu yake Igoma, akayafunga kwenye mfuko wa plastiki, akayasahau kwenye pikipiki tangu saa nane hadi jioni. Alipofungua, moja lilikuwa limepasuka lenyewe na maji yamejaa mfukoni. Lile jingine alilileta nyumbani na kuliweka mezani. Kesho yake asubuhi lilikuwa na madoa ya kahawia kila lilipobonyezwa. Mchana lilitoa harufu ya pombe. Siku ya tatu povu lilikuwa linatoka pale ncha ilipokatwa. Hamira asilia iko kwenye ngozi ya bibo, sukari iko ndani, ngozi ni nyembamba, na joto lipo. Kwa kawaida una siku moja, mbili ukibahatika. Kwenye friji linaweza kuongeza siku kadhaa kama halina jeraha. Gunia la mabibo kutoka Mtwara hadi ziwani lingefika likiwa uraka.

Na uraka ndilo jina la pombe ya mabibo huko kusini. Ikikenekwa inakuwa nipa, ambayo ni gongo tu yenye harufu ya korosho, na sheria inaijua hivyo. Sehemu nyingine ya mabibo huliwa palepale shambani, na kubwa kuliko zote inaozea chini ya miti. Hesabu yake ni nyepesi: bibo moja lina uzito wa korosho yake ghafi mara tano hadi kumi. Mkulima akikusanya kilo mia za korosho, ameacha shambani kati ya kilo mia tano na elfu moja za kitu kitamu chenye vitamini kuliko chungwa. Sasa hivi mikorosho imepandwa kwa wingi hata Manyoni, mkoani Singida, ambako basi la Dodoma kuja Mwanza linapita. Siku moja labda kondakta mwenye sanduku la barafu atatuletea.

Kuna doa moja la mwisho nililorudi nalo nyumbani. Maji ya bibo yakikauka kwenye nguo yanageuka kahawia iliyokolea, karibu nyeusi, na hayatoki. Nilijaribu sabuni ya kipande, nikajaribu limau na jua, nikaongeza dawa ya kung'arishia. Shati langu jeupe la Jumapili limekuwa la bustani. Kisu cha zamani cha Mwalimu nacho, kile kinachoshika kutu, kilifanya nyama ya bibo kuwa na michirizi ya bluu iliyokaribia weusi pale kilipopita. Hiyo ni tanini na chuma vinakutana, haina madhara, ila inatisha mgeni. Tumia kisu kisichoshika kutu, na vaa nguo ambayo huna mpango nayo.

Zile korosho kumi na mbili Mwalimu alizianika juu ya bati la banda la kuku, mahali ambapo mtoto hafiki. Zimekauka, ukitikisa unasikia kiini kinagonga ndani. Anasema atazichoma Jumamosi, nje, upepo ukiwa unaelekea ziwani, na kwamba yule mtoto wa jirani ataruhusiwa kuja kutazama, akisimama umbali wa hatua kumi. Midomo imepona. Bibo lake la kwanza alishalila, likiwa limekatwa na kutiwa chumvi, na akatema makapi yote kwenye kiatu changu.